Saa 450 za kuta za madarasa mawili

Mwalimu mkuu aliniuliza swali dogo tu: "Kuta zitaisha lini?" Nikamwambia anipe dakika tano. Nikamfuata Mzee, fundi mkuu wetu, nikamuuliza mtu mmoja analaza tofali ngapi kwa siku. "Mia na hamsini, mwanangu. Nikiamka vizuri, zaidi." Mafundi walikuwa wanne, kwa hiyo 600 kwa siku. Tofali za kulaza nilishazipigia hesabu, 1,675. Nikagawa, ikaja siku 2.8. Ilikuwa Jumatatu. Nikarudi kwa Mwalimu nikamwambia kwa kifua mbele, Ijumaa kuta zimeisha.

Mwalimu akalipeleka neno hilo kwenye kamati ya ujenzi, na kamati ikawaita mafundi wa paa waje Jumatatu iliyofuata. Walikuja na misumeno yao, wakakuta kuta ziko usawa wa madirisha na mafundi wangu wamekaa kivulini wakisubiri milunda ya jukwaa. Wakalipwa siku mbili za kukaa, wakaondoka. Kuta zenyewe ziliisha karibu wiki tatu baada ya ile Jumatatu ya kwanza.

Jengo lilikuwa la fosi akaunti, yaani shule inaajiri mafundi yenyewe bila mkandarasi, shule ya msingi huku Mkoa wa Pwani: madarasa mawili ya mita 9 kwa 7, na ofisi ya walimu ya mita 3 katikati. Mimi nilikuwa msimamizi wa saiti kwa mara ya kwanza. Kupima kiwanja najua, kusoma ramani najua, kukagua nondo najua. Kujua kazi itachukua saa ngapi za watu, nilidhani ni kugawa tu.

Kilichoniokoa ni kwamba jengo la pili, la ramani ileile, lilikuwa lianze mwezi uliofuata palepale, na watu walewale. Nikapata nafasi ya kukaa na daftari la mahudhurio nikajiuliza nilikosea wapi, halafu nikajaribu majibu yangu kwenye ukuta wa kweli.

Kwanza nilirudi kwenye tofali zenyewe. Za kwetu ni za saruji, inchi 6, urefu sentimita 45, kimo 23. Ukiweka na udongo wa kuunganishia, kila tofali linakula sentimita 46 kwa 24 za ukuta, yaani tofali 9 kwa mita moja ya mraba. Mafundi wengi hutumia 10, nayo ni sawa unaponunua, kwa kuwa zipo zitakazovunjika. Unapokadiria saa za kazi tumia 9, kwa sababu tofali lililovunjikia kwenye toroli halikulazwa na mtu. Urefu wa kuta zote za jengo lile, za nje na mbili za kati, ni mita 71. Kozi moja, yaani safu moja ya tofali kuzunguka kuta zote, ikiwa nzima bila uwazi ni tofali 155. Kozi 10 kufika chini ya lenta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha, kozi 3 juu ya lenta, toa milango mitatu na madirisha 14, unapata zile 1,675. Hapo sikuwa nimekosea.

Kosa lilikuwa kuzichukulia tofali 1,675 kama kitu kimoja. Nilipozitazama kwa jinsi zinavyolazwa, nikaona ni kazi tatu tofauti. Kozi sita za mwanzo, ambazo fundi anazilaza akiwa amesimama chini, zina tofali 800 hivi. Kozi ya saba hadi ya kumi, pale ukuta unapokuwa vipande vipande kati ya madirisha, zina 410. Zile tatu za juu ya lenta zina 465.

Hicho kipande cha katikati ndicho kilichokuwa kinanila bila kujua. Siku moja nilisimama nikamtazama Mzee akijenga nguzo ya ukuta kati ya madirisha mawili, upana wake kama mita moja. Kwenye ukuta mrefu kamba inamwongoza, anamwaga udongo, analaza, anagonga mara mbili kwa kitako cha mwiko, anasonga. Pale kwenye nguzo kila kozi ina tofali mbili na kidogo, na ncha zote mbili ni za dirisha, kwa hiyo kila ncha inapimwa kwa timazi, kisha pimamaji juu. Kozi moja inaanza na tofali zima, inayofuata lazima ianze na nusu ili viungo visipangane. Nusu inakatwa kwa nyundo. Ya kwanza ilikatika vizuri, ya pili ikapasuka mshazari, akaitupa, akachukua nyingine. Nilihesabu tofali tano kwa muda ambao chini angelaza zaidi ya kumi.

Kwa hiyo nikatafuta kasi ya kila kazi peke yake. Sikuwa na haja ya kumsimamia mtu na saa mkononi, jambo ambalo mafundi hawalipendi na mimi pia nisingelipenda. Kila jioni nilihesabu kozi zilizopanda, nikazigeuza kuwa tofali, nikagawa kwa saa za mafundi za siku hiyo. Tunaingia saa 1:30 asubuhi, tunatoka saa 10:30 jioni, saa moja ya chakula, zinabaki nane. Jumamosi ni saa tano. Jumla 45 kwa wiki, ambacho ndicho kiwango cha juu kabla ya kuanza kulipa muda wa ziada, kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004.

Hapo kuna mtego mmoja, nao niliuingia kabla ya kuutoka. Kuna kusubiri kudogo na kusubiri kukubwa. Fundi akihamisha kamba, akinywa chai ya saa nne, akingoja ndoo ya udongo dakika tatu, hiyo ni sehemu ya kujenga. Iache ndani ya kasi. Lakini siku nzima iliyopotea kwa sababu milunda haikuletwa si sehemu ya kujenga. Ukiiacha ndani, kasi yako inakuwa ya uongo na jengo linalofuata utalikadiria kwa makosa ya jengo hili. Ukikata vyote viwili, unapata fundi ambaye hayupo duniani. Na ukishaacha chai ndani ya kasi, usije tena mwishoni ukapunguza saa moja kwa siku "kwa ajili ya chai". Utakuwa umeitoa mara mbili.

Daftari lilionyesha nimelipa saa 256 za mafundi kwenye kuta za jengo la kwanza. Saa 32 zilikuwa za ile siku ya milunda. Saa 24 zilikuwa za vituo virefu, udongo umeisha au tofali hazijafika. Saa 20 zilikuwa za Jumamosi ambayo mafundi walifika wakati mbao za lenta bado zinafungwa, na hawakuwa na pa kuweka mwiko. Ukitoa hizo zinabaki 180. Nikizigawanya kwa kazi zake: chini, tofali 12 kwa saa kwa fundi mmoja, kati ya madirisha, 8, juu ya lenta, 9. Kwa hiyo 67, 51 na 52, na saa 10 za kupanga kozi ya kwanza, ambayo ni polepole kwa sababu kila kona inapigwa pembe mraba na milango inawekwa mahali pake. Jumla 180.

Linganisha na 150 kwa siku, ambayo ni karibu 19 kwa saa. Mzee hakunidanganya, nitalirudia hilo. Mimi ndiye niliyemuuliza swali la ukuta usio na madirisha.

Sasa vibarua. Kwenye hesabu yangu ya kwanza hawakuwepo kabisa, kana kwamba tofali zinatembea. Tofali moja kavu la inchi 6 lina kilo 30 hivi. Toroli letu lilibeba manne, rundo lilikuwa mita 40 kutoka ukutani kwa kuwa lori halikuweza kuingia ndani zaidi kwenye mchanga. Hizo ni safari zaidi ya 400. Halafu kuna kukoroga udongo, kuchota maji, na ukishapanda juu ya jukwaa kila tofali linapokelewa mikono miwili hadi mitatu kabla halijamfikia fundi.

Nilipowafuatilia niliona kwamba chini, kila fundi anatosheka na saidia fundi mmoja. Juu ya jukwaa anahitaji mmoja na nusu, yaani mafundi wanne, wasaidizi sita. Kwa saa: mafundi wa chini 77 mara moja, ni 77, wa juu 103 mara moja na nusu, ni 155 kwa kukadiria. Kufunga na kuhamisha jukwaa, watu watatu siku nzima, saa 24. Maji na usafi wa saiti saa 14. Jumla ya vibarua 270. Ukijumlisha na za mafundi unapata saa 450.

Namba hiyo, 450, ndiyo kamati walitaka kuisikia. Mjumbe mmoja, mtu makini aliyewahi kuwa karani wa ghala, akachukua kalamu papo hapo: watu kumi, saa nane, hizo ni 80 kwa siku, kuta zitaisha siku ya sita. Nikamwomba aiache kidogo. Saa 450 zinakuambia utalipa nini. Hazikuambii utamaliza lini, kwa sababu saa ya kibarua haiwezi kulaza tofali, na saa ya fundi haipiti lenta ambayo haijamwagwa. Ukitaka tarehe, angalia kwanza kundi lipi linaongoza mwendo. Kwenye kuta ni mafundi. Gawa saa zao peke yao, kipande kwa kipande, halafu wasaidizi wapangwe ili mafundi wasisimame.

Mjumbe akauliza, basi tusiongeze mafundi wawe wanane? Swali zuri. Kwenye mita 71 za ukuta mafundi wanane wanaenea, lakini wangemaliza sehemu ya chini kwa siku moja na kidogo, na ukuta mbichi haupandishwi zaidi ya mita moja na nusu kwa siku. Udongo wa chini bado laini unaminywa na uzito, viungo vinatoka nje, ukuta unaanza kulala. Wangekuwa wamegusa mpaka huo. Zaidi ya hapo, wangetaka wasaidizi 12 juu ya jukwaa lililokuwa na milunda ya kuzunguka nusu ya jengo. Tungenunua siku moja na nusu tu, kisha wanane wote wakae wakingoja lenta.

Ratiba ya jengo la pili niliiandika kwenye karatasi ya manila, nikaibandika stoo. Mafundi wanne kote. Jumatatu na Jumanne, kozi za chini, vibarua wanne. Saa 77 kwa wanne ni saa 19 na robo kila mmoja, kwa hiyo zinaisha Jumatano kabla ya mchana. Mafundi waliambiwa waanze na ukuta wa nyuma, ili Jumatano asubuhi vibarua wawili wa ziada waingie pamoja na mmoja wa wale wanne kufunga jukwaa kule nyuma huku mbele kukimaliziwa. Jumatano mchana hadi Ijumaa asubuhi, vipande vya madirisha, vibarua sita. Mafundi seremala wa lenta waingie Alhamisi kwenye ukuta wa nyuma, wamalize Jumamosi. Nondo zikatwe na kufungwa chini kuanzia Jumanne. Zege Jumatatu ya pili, siku ambayo tunahitaji vibarua kumi. Jumanne na Jumatano ni za kumwagilia maji na kuacha zege lishike. Mbao za pembeni zinatoka, zile za chini ya lenta, juu ya madirisha, zinabaki na miti yake. Mafundi warudi ukutani Alhamisi, saa 13 kila mmoja, wamalize Ijumaa mchana.

Tazama hapo: mafundi wana kazi ya siku tano na nusu na ushei, lakini kalenda inasema siku 12. Katikati kuna shimo, kuanzia Ijumaa asubuhi hadi Jumatano jioni. Shimo hilo ndilo lililonila Jumamosi ya jengo la kwanza. Halizibiki kwa kuongeza watu, linazibika kwa kuwa na kazi nyingine. Tulikuwa na shimo la choo cha wanafunzi linalosubiri kujengewa kuta za ndani, nikalipeleka pale kwenye ratiba. Kama usingekuwa na choo, ni heri kuwaambia mafundi wazi tangu mwanzo kwamba siku hizo hawana kazi, wakatafute kibarua kwingine, kuliko kuwaweka kivulini.

Mzee alipoisoma ile manila alinyamaza, akaweka kidole kwenye "vibarua sita". "Hapa umeona," akasema. "Ila uwalipe nao kwa kazi, siyo kwa siku." Alikuwa ameshika jambo ambalo mimi nililipita. Mafundi tulikuwa tunawalipa kwa tofali, vibarua kwa siku. Fundi ana haraka, kibarua hana sababu ya kuwa nayo, na ugomvi wa kila siku juu ya udongo kuchelewa ulitoka hapo. Kamati hawakukubali kubadilisha malipo katikati ya mradi. Tulichofanya ni kuwaruhusu vibarua kuondoka saa 10 wakishapanga tofali za asubuhi inayofuata kando ya ukuta. Ilitosha.

Tulipoanza nilijipa kazi moja ya kila siku: saa nne asubuhi napita kuangalia tofali zilizoko juu ya jukwaa. Kama kila fundi ana kumi au zaidi karibu yake, siku iko sawa. Kama ana mbili au tatu, nusu saa baadaye nitasikia mwiko ukigongwa kwenye mlunda, nao ni mlio wa fundi anayesubiri. Alhamisi niliukuta upungufu huo upande wa mashariki. Kibarua mmoja alikuwa ametumwa dukani na mtu ambaye hakutaka kujitaja.

Alhamisi hiyohiyo mchana mvua ilitukalisha saa tatu. Watu wanne, saa 12. Vipande vya madirisha vikaisha Ijumaa mchana badala ya asubuhi. Haikugusa siku ya zege, kwa sababu maseremala walikuwa bado nyuma na Jumamosi yao ilikuwa na nafasi. Wiki ya pili, nguzo moja ya ukuta ilikutwa imeacha timazi, ikavunjwa kozi mbili na kujengwa upya, saa nne za mtu. Jumla ya saa za mafundi ikawa 196 badala ya 180, na zote 16 nazijua zilikokwenda. Ijumaa ya pili saa tisa alasiri kozi ya mwisho ililazwa, na mafundi wa paa walikuwa wameitwa Jumatatu. Safari hii walikuta pa kuweka ngazi.

Miezi miwili baadaye shule ilijenga uzio upande wa barabara. Ukuta mmoja mrefu, hauna dirisha, hauna mlango, tofali zimeshushwa na lori kandokando ya msingi. Jioni ya siku ya kwanza Mzee aliniita, akanionyesha kipande chake kwa mwiko, kutoka nguzo hadi nguzo. "Hesabu."

Nikahesabu. Zilikuwa 154.

"Andika na hiyo," akasema, akaenda kunawa.